Tulitua tukiwa hatujatulia, nami nikanyamaza. Naomba ushauri

BawaLaKulia

Wakuu, mimi ni rubani msaidizi, nina miezi saba tu kwenye jeti. Wiki iliyopita kuna jambo lilitokea ambalo bado linaninyima usingizi.

Kapteni ndiye alikuwa anaendesha, mimi nafuatilia. Hali ya hewa safi, njia ya kurukia kavu, urefu wake mita 2400. Muongozaji alituuliza kama tunaweza kuingia moja kwa moja badala ya kuzunguka hadi upande wa pili, kapteni akakubali. Hilo lilitupa upepo wa nyuma noti 10 na likatukatia maili kadhaa za kushukia. Maili 5 kabla ya njia tulikuwa futi 2300 juu yake, kasi noti 175. Kwa mteremko wa kawaida tungekuwa kama futi 1600.

Vref yetu, yaani kasi ya msingi ya kutua, ilikuwa 135. Tulipopita futi 1000 kasi ilikuwa 160, tunashuka futi 1300 kwa dakika, flapu za mwisho ndiyo kwanza zinateremka na injini zote mbili ziko mzunguko wa chini kabisa. Kanuni za kampuni yetu zinataka kwenye futi 1000 kasi isizidi Vref+20, kushuka kusizidi futi 1000 kwa dakika, flapu na magurudumu yawe tayari, injini ziwe zinavuta, na cheklisti iwe imesomwa. Nilisema, "Kapteni, kasi." Akajibu, "Naiona, itakaa sawa kwenye 500." Kwenye 500 tulikuwa 148, bado tunashuka 1200. Sikusema tena.

Tuligusa kama mita 900 ndani ya njia. Tukasimama, abiria hawakuhisi kitu. Kapteni ni mtu mwema na ana saa nyingi mno kunizidi, alinifundisha mengi. Kweli nilipaswa kumlazimisha aghairi kutua wakati mwishowe kasi ilikuwa inashuka yenyewe? Na ningesemaje?

Rubani_Nusu

Mkuu, usijitese. Vigezo hivyo vimewekwa kwa wastani. Siku njema, njia kavu, unaiona mbele yako, kigezo halisi ni futi 500, na mlikuwa mnaelekea kutimiza. Kughairi kutua nako kuna hatari zake, watu wanasahau hilo. Bahrain mwaka 2000, watu 143 walikufa baada ya ndege kughairi kutua usiku juu ya bahari. Rostov 2016, watu 62, hivyo hivyo. Ukiwa na njia ndefu na breki nzima, kutua ni salama kuliko kupaa ghafla bila kujiandaa.

Kapteni_Mstaafu

Rubani_Nusu, ajali hizo mbili ni za kweli, na ni kweli kampuni nyingi hutumia futi 500 pale rubani anapoona njia wazi. Lakini yeye ametuambia kanuni ya kwao ni 1000. Na hata ukitumia 500, hesabu yako haitoki: kwenye 500 walikuwa ndani ya Vref+20, sawa, lakini walikuwa wanashuka 1200 na injini zimelala. Kigezo kimoja kikikosekana, vigezo havijatimia.

BawaLaKulia, tuichambue safari yako polepole, kwa sababu jibu limo ndani ya namba zako mwenyewe.

Anza na injini, maana hapo ndipo vijana wengi hudharau. Mkono wa nguvu ukiwa chini kabisa, jeti haikupi nguvu papo hapo ukiusukuma. Viwango vya kuidhinisha ndege kubwa hupima uwezo wa kupanda kwa nguvu inayopatikana sekunde 8 baada ya kusukuma. Kwa kushuka futi 1200 kwa dakika, sekunde 8 ni futi 160. Ndiyo maana kanuni inataka injini ziwe tayari zinavuta. Rubani anayeteremka na injini zilizolala ili kasi ipungue ametumia akiba yake yote ya kutokea kabla hajaihitaji.

Sasa njia yenyewe. Nakisia mlipita kizingiti kwenye futi 80 au 90 badala ya 50.

BawaLaKulia

Nadhani ilikuwa 90, Kapteni. Kasi 145.

Kapteni_Mstaafu

Basi futi 40 za ziada. Kwenye mteremko wa nyuzi 3, kila futi 10 zinasogeza mguso mbele kama mita 58. Futi 40 ni mita 230. Mlilenga mita 300, tayari mko 530. Halafu mlikuwa na noti 10 za ziada, na ndege yenye kasi ya ziada haitaki kukaa chini, inaelea. Kwa kasi ya ardhi noti 155 mnakula mita 80 kila sekunde. Sekunde nne au tano za kuelea, hizo hapo mita 900 zako. Hakuna bahati mbaya hapo, ni hesabu iliyokuwa imeshaandikwa mlipokuwa futi 1000.

Mlipogusa, njia ilikuwa imebaki mita 1500. Mligusa kwa kasi ya ardhi ya takriban 150. Mngezunguka upande wa pili, upepo ungekuwa wa mbele na mngegusa kwa 120. Nguvu ya mwendo huenda na kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo breki zenu zilibeba zaidi ya mara moja na nusu ya ule mzigo. Njia ilikuwa kavu, zikaweza. Ingekuwa na maji?

Swali langu moja: cheklisti ya kutua mliisoma lini?

BawaLaKulia

Hatukuimaliza. Na sikuandika hili mwanzoni kwa aibu: spoila, zile bati za juu ya mabawa, hazikuwa zimetegwa. Tulipogusa hazikufunguka. Kapteni alizivuta kwa mkono baada ya sekunde mbili hivi.

Kapteni_Mstaafu

Hapo ndipo penyewe. Spoila zisipofunguka, mabawa bado yanabeba uzito, magurudumu hayashiki barabara, breki inakuwa nusu breki. Mlikuwa mnafukuza kasi na mteremko kwa wakati mmoja, vichwa viwili vimejaa, na kazi ndogo ya kutega mkono wa spoila ikaanguka bila mtu kuona. Kwenye futi 1000, ukishuka kawaida futi 700, una dakika moja na nusu kasoro. Muda huo ni wa kuangalia upepo, kupima mguso na kukagua mlichosahau. Ninyi mliutumia wote kurekebisha yaliyopita.

MwanafunziWaSesna

Samahani kuingilia, hili linanihusu. Mimi najifunza kwenye Cessna 172 na juzi niliruka-ruka mara mbili wakati wa kugusa, mwalimu akanilazimisha kupaa tena. Flapu zilikuwa chini kabisa. Je, nilikosea kuziacha hivyo? Ndege haikutaka kupanda.

Kapteni_Mstaafu

Mwanangu, lako ni swali jingine kidogo, ila lijibiwe. Kwenye 172S, kitabu kinasema nguvu yote ya injini kwanza, kisha flapu zirudi nyuzi 20 mara moja, ushike kasi noti 60, ndipo uzipandishe zilizobaki pole pole. Ukiziacha chini kabisa, ukinzani unakula nguvu ya injini. Injini yako ya pistoni inaitika haraka kuliko jeti, na noti zako 10 za ziada ni sehemu kubwa zaidi ya kasi yako kuliko zake. Mwulize mwalimu wako kigezo chenu cha kutulia ni futi ngapi, msikubaliane mkiwa hewani.

SautiYaMnara

Mimi ni muongozaji. Nimesoma uzi huu na roho imeniuma, kwa sababu "mnaweza kuingia moja kwa moja?" ni sentensi ninayoisema kila siku. Tunaona tunawasaidia mafuta na muda. Hatuoni kasi yenu na futi zenu kama mnavyoziona ninyi. Nawaomba mkatae. Kusema hapana hakunigharimu kitu, nakupanga upande wa pili. Na mkighairi kutua sisi hatukasiriki, tunawapa mwelekeo na urefu, basi. Kuna rubani aliniomba radhi siku moja kwa kughairi, nikashangaa.

BawaLaKulia

Asante sana, SautiYaMnara. Na mimi nikifikiria, pale ndipo tulipopotea, maili nyingi kabla ya 1000.

Bado sijui ningesemaje.

Nahodha_Zamu

Dada yenu hapa, nafundisha kwenye simuleta. Ulichosema ni "Kapteni, kasi." Hiyo ni taarifa, na yeye alikuwa anaiona. Kwenye geti la 1000, yaani urefu wa kukagua kama mmetulia, hutakiwi kutoa taarifa, unatoa uamuzi: "Hatujatulia, paa tena." Maneno hayo yawe yamekubaliwa kwenye maelezo kabla ya kuanza kushuka, ili yakitamkwa yasisikike kama ubishi. Hapo kabla, kwenye maili 5, ungesema, "Tuko juu futi 700 na upepo wa nyuma, tuombe kuzunguka." Hapo kapteni anakubali kwa urahisi, bado hajajifunga.

Kwenye ajali ya Mangalore, India, 2010, rubani msaidizi alisema wapae tena. Kapteni akaendelea, wakagusa mbali sana ndani ya njia, na akajaribu kupaa baada ya rivasi, zinazogeuza msukumo wa injini ili kuvunja mwendo, kufunguliwa. Watu 158 walikufa. Kwa hiyo kwa Rubani_Nusu: kughairi hatari zaidi ni kule kulikochelewa. Bahrain na Rostov zinanifundisha tufanye mazoezi ya kupaa tena na injini zote zikiwa hai, usiku, mtu akiangalia vyombo na si kiti kinavyomsukuma mgongoni.

Rubani_Nusu

Nakubali kuhusu injini, sikuliwaza hivyo. Lakini lipo jambo sijashawishika. Flight Safety Foundation wenyewe walisema katika ripoti ya 2017 kwamba kwenye mikaribio isiyotulia, takriban 3 tu kati ya 100 ndiyo hughairiwa. Kanuni ambayo karibu kila mtu anaivunja, tatizo ni watu au ni geti kuwekwa juu mno? Wengine wanapendekeza geti la uamuzi liwe futi 300, lakini liwe halina mjadala kabisa.

Kapteni_Mstaafu

Hoja hiyo inajadiliwa hata miongoni mwetu wakubwa, na siwezi kuitupa. Hofu yangu ni kwamba kwenye 300 na injini zimelala, zile futi 160 ni zaidi ya nusu ya ulichobakiza.

Nahodha_Zamu

Mimi nisingepinga 300 kama geti la mwisho, mradi la 1000 libaki na mtu atamke kinachokosekana kwa jina. Hapa mimi na Kapteni hatukubaliani.

BawaLaKulia, andika ripoti ya usalama ya hiari, ukiandika na lako la kunyamaza. Kinasa data kimeshaona yote, lakini hakijui kwamba hukusema. Mwambie kapteni kabla ya kuituma.

BawaLaKulia

Nina safari naye keshokutwa. Nitamwomba tukutane nusu saa kabla ya maelezo. Nitarudi kuwaambia alichosema.