Pembetatu ya sini au ya kosini kwa √(a² − x²)?

Mwl_Uyole: Wakuu, Jumatatu naingia kidato cha sita na intigrali zenye √(a² − x²). Nianze na x = a sin θ au x = a cos θ? Vipindi ni viwili tu.

Mafinga_Ubaoni: Mwalimu, swali lenyewe liko wapi? Lina mipaka? Juu ya kipeuo kuna nini? Kama ni x/√(9 − x²), weka u = 9 − x² umalize, pembetatu ya nini.

Mwl_Uyole: ∫ x²/√(9 − x²) dx. Halina mipaka.

Mafinga_Ubaoni: Basi sini. x = 3 sin θ, dx = 3 cos θ dθ, na kipeuo kinakuwa 3 cos θ. Kosini zinakatana, inabaki 9∫ sin² θ dθ, yaani (9/2)(θ − sin θ cos θ). Sasa chora: sin θ = x/3, kwa hiyo x inatazamana na θ, 3 ndio upande mrefu, na kwa Pithagorasi uliobaki ni √(9 − x²). Hapo unasoma cos θ = √(9 − x²)/3. Jibu:

(9/2) arcsin(x/3) − (x/2)√(9 − x²) + C

NjombeKwetu: Kosini usiiguse, inatoa jibu jingine kabisa: −(9/2) arccos(x/3) − (x/2)√(9 − x²).

Mafinga_Ubaoni: Jibu ni lilelile, ndugu. arcsin na arccos za x/3 zikijumlishwa ni π/2, kwa hiyo majibu yanapishana kwa 9π/4, na hiyo inamezwa na C. Tatizo la kosini ni hasi ya dx = −3 sin θ dθ, ambayo wengi huidondosha.

Tukuyu_F6: Yangu ni √(x² + 16). Nimeweka 4 sin θ, kipeuo hakiondoki.

Igawilo_Hesabu: Dogo, hiyo ni jumla: x = 4 tan θ. Kipeuo ndicho upande mrefu.

Mwalimu, alama zinapotea kwingine. Wanafunzi wanaandika (9/2)θ − (9/4) sin 2θ, halafu wanachora pembetatu ya θ na kusoma sin 2θ kama x/3. Pembetatu ile haina 2θ popote. Wafungue kwanza 2 sin θ cos θ ndipo wasome pande. Kosa linajifichua ukitofautisha jibu: kwenye x = 0 linatoa 3/4, wakati x²/√(9 − x²) pale ni 0.

NjombeKwetu: Na x ikiwa hasi? Pembetatu haina upande hasi.

Igawilo_Hesabu: θ iko kati ya −π/2 na π/2, kosini haishuki chini ya 0. Sini inabeba hasi yenyewe, fomula inabaki.

Mafinga_Ubaoni: Likija na mipaka 0 hadi 3, tupa pembetatu. θ inakwenda 0 hadi π/2, jibu 9π/4.

Igawilo_Hesabu: Hapo sikubaliani. Mpaka wa juu ukiwa 2, θ ni arcsin(2/3), na cos θ yake utaisoma wapi?

Mafinga_Ubaoni: √(1 − 4/9), mstari mmoja.

Igawilo_Hesabu: Ndiyo pembetatu hiyohiyo, hujaichora tu.