Mjadala: Supu ya mifupa ina protini kiasi gani hasa?

Mama Imani: Baba ana wiki mbili tangu afanyiwe upasuaji, nyama haimpandi. Dada yangu anampa supu ya mifupa tu, vikombe vinne kwa siku, na anasema kikombe kimoja kinazidi nyama kwa protini. Mimi namwona baba anakonda. Nani yuko sahihi?

Mpishi wa Tegeta: Wewe, dada. Nimepika supu miaka mingi, na madai haya yalinisumbua hadi nikayapima jikoni. Nilichukua jelatini ya unga, gramu 10, nikaikoroga kwenye nusu lita ya maji ya moto, nikaiacha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi nilipindua bakuli juu ya sahani, ikatoka nzima na kusimama. Sasa piga hesabu: kikombe cha robo lita ya kitu kigumu namna ile kina gramu 5 tu za jelatini, na protini yake haifiki hata hizo 5. Supu ya mifupa niliyochemsha saa nne iliganda kilegevu, ukitikisa bakuli inacheza. Kwa hiyo ilikuwa chini ya hapo, tuseme gramu 3 au 4 kwa kikombe. Yai moja lina 6.

Mfupa una protini kweli, lakini ni kolajeni, ile inayogeuka jelatini ikichemshwa, nayo imeshikamana na madini, na maji ya moto huitoa polepole sana. Nayo nyama ukiichemsha, protini yake hukaza na kubaki humo humo kwenye pande. Kiasi kinachotoka mwanzoni ndicho lile povu la kijivu tunaloliengua na kulimwaga.

Salum M.: Mpishi, hapo sikubali yote. Supu ya makongoro inaganda hadi kijiko kinasimama. Na ukichemsha kwenye presha kuka muda mrefu unatoa kila kitu.

Mpishi wa Tegeta: Kuhusu makongoro uko sahihi, kaka Salum, kwa sababu yana ngozi na mishipa mingi, na mlaji anatafuna ile minofu yenyewe, hanywi maji peke yake. Mama Imani anaulizia mifupa mikavu. Presha kuka nayo inaongeza, lakini ukizidisha muda jelatini inakatikakatika na supu haigandi tena, ingawa protini bado imo. Ndiyo maana kipimo cha friji kinafaa kwa supu ya saa chache tu.

Bi Mwajuma: Wanangu, msitukane supu. Mimi nimezaa watoto sita, kila nikijifungua nanywa supu na maziwa yanatoka. Leo mnasema ni sumu?

Nuru (lishe): Shikamoo Bi Mwajuma. Hakuna aliyesema ni sumu. Mzazi anahitaji maji mengi na chakula cha moto, na supu inampa. Lakini nadhani siku zile hukunywa supu peke yake, ulikula na ugali, maharage, samaki.

Mama Imani, kuna jambo la pili zaidi ya uchache. Jelatini haina kabisa triptofani, mojawapo ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Wafaransa walilijua hili kwa uchungu. Hospitali za Paris ziliwahi kuwapa wagonjwa supu ya jelatini ya mifupa badala ya nyama, ubishi ukawa mkubwa, na mwaka 1841 tume ya mwanasayansi Magendie ikatoa ripoti: mbwa waliolishwa jelatini peke yake walidhoofu hadi kufa.

Baba ana kilo ngapi?

Mama Imani: Alikuwa na 60, Nuru. Sasa sijui.

Nuru (lishe): Kwa mtu anayepona kidonda tunalenga angalau gramu 1.2 kwa kila kilo, yaani kama 72 kwa siku, labda awe na ugonjwa wa figo. Vikombe vinne vya dada yako vinampa kama 12 hadi 16. Usimnyang'anye supu kama ndiyo inayopita. Ikiwa inachemka, mimina mayai mawili yaliyopigwa huku ukikoroga, umeongeza 12. Jioni saga maharage yaliyoiva humo humo, au tia unga wa dagaa. Kikombe cha maziwa kina 8. Chumvi na viungo vya pakiti punguza, hasa kama ana presha. Na huko kukonda mwambie daktari wake wiki hii hii, mpimeni uzito.

Bi Mwajuma: Waaleikum... marahaba, mwanangu. Dagaa nilikuwa natia, kweli.

Salum M.: Basi na kolajeni ya viungo je? Goti langu limetulia tangu nianze makongoro kila Jumamosi.

Nuru (lishe): Kaka, hilo la magoti bado watu wanabishana. Vidonge vya kolajeni vimefanyiwa majaribio, matokeo yanapishana, na dozi zake si sawa na bakuli la supu. Goti lako siwezi kulikanusha, ila nisingelitumia kumlisha mzee mwenye kidonda.

Mama Imani: Nimemsomea dada yote. Amekubali mayai. Dagaa anasema zitanuka, baba atakataa.

Mpishi wa Tegeta: Zikaange kwanza bila mafuta hadi zikauke, toa vichwa, ndipo usage. Anza na kijiko kimoja na ndimu.