Maboksi 38 kwenye stoo moja: daftari, jedwali la simu au stika za kuskani?

Msafiri_Bweyo
Wanandugu, mwezi ujao nahamia Arua kikazi, karibu miaka miwili. Nyumba ya Bweyogerere naipangisha, vitu vyetu nafungia kwenye chumba cha nyuma, mita tatu kwa tatu, mlango mmoja, bati juu. Nimehesabu maboksi 38. Atakayekuwa anatoa kitu nikihitaji ni mpwa wangu, na yeye hatakuwepo siku ya kupanga. Nimefikiria njia tatu: kuandika vilivyomo juu ya kila boksi, kuyapa namba na kuweka daftari, au zile stika za QR unazoskani kwa simu. Aliyewahi kufanya aniambie ipi inafaa baada ya miezi kumi, si siku ya kwanza.

MamaKisaasi
Andika juu ya boksi, yaishe. Mimi niliandika "jikoni", "watoto", "mengineyo". Haikunisumbua.

MamaKisaasi
Kusema kweli "mengineyo" yalikuwa maboksi tisa. Hayo yalinisumbua.

Karani_Godauni
Nimekaa na funguo za godauni Namanve miaka kumi na kitu, wacha niseme ninaloliona.

Stika za QR zinajibu swali ambalo mpwa wako hatauliza. Ukiskani, unaambiwa boksi hili lina nini. Yeye anataka kinyume chake: pasi ya umeme iko boksi gani? Ili askani lazima kwanza alifikie boksi, alishushe, aligeuze. Kama ameshalishusha, si alifungue tu? Halafu stika zinazotoka kwenye zile mashine ndogo zinazochapa kwa joto, kama risiti za dukani, zikikaa chini ya bati hufifia. Nimeona stika nyeupe kabisa, hata mstari mmoja haukubaki.

Namba na orodha ndiyo njia. Orodha unaiweka kwa vitu, si kwa maboksi: kila kitu mstari wake, mbele yake namba ya boksi.

Bombo_Original
Naongezea hapo. Namba yenyewe iwe anwani. Boksi la ukuta A, rundo la 2, la tatu kutoka chini, liite A-2-3. Ukiona jina umejua mahali. Huhitaji ramani wala nini.

Karani_Godauni
Mzee wangu, nusu uko sawa. Anwani ni lazima, lakini usiipake kwenye boksi. Siku mpwa akitoa A-2-1, yaliyo juu yake yote yanashuka. A-2-3 sasa imekaa nafasi ya pili na mgongoni bado imeandikwa tatu. Akilirudisha kwenye ukuta mwingine kwa sababu amechoka, ndiyo uongo kabisa. Namba ni jina la boksi, halibadiliki mpaka linachakaa. Mahali pakae pembeni, kwenye karatasi inayofutika.

Ramani yako ni hii. Simama mlangoni ukitazama ndani. Ukuta wa kushoto ni A, wa mbele yako B, wa kulia C. Katikati acha njia. Marundo ya A yahesabu kuanzia mlangoni kwenda ndani, A1 hadi A4, ya B kutoka kushoto kwenda kulia, B1 hadi B3, na ya C tena kuanzia mlangoni, C1 hadi C4. Hayo ni marundo kumi na moja, boksi nne kila moja, maboksi 38 yanaingia na nafasi inabaki. Andika herufi kwa chaki ukutani, juu, mahali boksi halifiki.

Na usiandike tabaka. Andika rundo tu. Rundo lina boksi nne, namba zinatazama njia, jicho linamaliza kwa sekunde mbili. Ukidai na tabaka, boksi la chini likitoka unasahihisha mistari mitatu, na hakuna atakayesahihisha.

FundiKasese
Chumba kama hicho Kampala unakodisha shilingi ngapi kwa mwezi? Na mchwa je? Mimi walikula boksi zima la vitabu kutoka chini, kwa nje limebaki zuri kama jipya.

Msafiri_Bweyo
Ndugu yangu, chumba ni changu. Ila asante kwa mchwa, nitainua kwa mbao na kuacha nafasi ukutani nione vichuguu vyao vikipanda.

Dada_Jedwali
Daftari ni zuri ila halina utafutaji. Tumia Google Sheets, karatasi mbili. Ya kwanza vitu: A jina la kitu, B namba ya boksi. Ya pili iite Mahali: A namba ya boksi, B rundo. Kisha kwenye safu ya C ya karatasi ya kwanza, anzia C2 halafu nakili kwenda chini:

```
=VLOOKUP(B2,Mahali!A:B,2,FALSE)
```

Boksi likihama unabadilisha seli moja tu, na vitu vyote vilivyomo vinafuata. Mtego mmoja: usianze na 01. Jedwali linakata sifuri, ukiilazimisha ibaki inakuwa maandishi, na ukichanganya 07 na 7 unapata #N/A. Anza na 101. Na majina yaandike kama mpwa wako atakavyoyatafuta. Mimi niliandika "chaja", mume wangu akatafuta "chaji", akaniambia haipo.

Bombo_Original
Na mtandao ukikosekana humo ndani?

Dada_Jedwali
Faili uliandae mapema lifunguke bila mtandao. Au chapisha.

Karani_Godauni
Chapisha hata hivyo, itundike nyuma ya mlango pamoja na ramani na kalamu ya kamba. Mtu akiwa na boksi mikononi hatoi simu. Namba iandike pande mbili, kwa maka nene, juu ya boksi lenyewe. Ukiandika juu ya selotepu inafutika kwa kidole. Pigia mstari chini, 106 iliyopinduliwa inasomeka 901. Kitu kikitoka usifute mstari, andika "kimetoka" na tarehe, la sivyo mwakani utakitafuta tena.

MamaKisaasi
Bado nasema muandike na neno moja nje. Vibarua wakibeba wajue vyombo ni vipi.

Bombo_Original
Na mwizi naye ajue redio iko wapi?

MamaKisaasi
"Vinavunjika" haimwambii mwizi kitu, sebo.

Msafiri_Bweyo
Narudi baada ya miezi saba. Kulikuwa na kwanjula ya binti wa kaka, mke wangu akataka gomesi yake ya njano. Jedwali: boksi 118, rundo B2. Mpwa akaenda, B2 hakuna 118. Akapiga simu, nikaanza kuwalaumu nyote kimoyomoyo. Nikamwambia asifungue kitu, asome namba tu, rundo baada ya rundo. Lilikuwa C4, dakika tano. Kumbe mwezi wa nne bati lilivuja juu ya B2 wakati wa mvua, mpangaji akayahamisha yote manne bila kuandika. Karatasi ya mlangoni ilikuwepo. Kalamu ndiyo haikuwepo, ilibaki kamba.

Karani_Godauni
Hayo mengine matatu yapo wapi?

Msafiri_Bweyo
Mawili C4 vilevile. Namba 121 bado linatafutwa.