Naomba ushauri: niwaelezeje wanafunzi jinsi neno baiskeli lilivyotoholewa?

MwalimuChamwino: Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu huku Chamwino, na wiki ijayo naingia kwenye utohoaji. Nimechagua neno baiskeli kwa kuwa wanafunzi wangu wengi huja nayo shuleni. Nikiwauliza imekuwaje Waingereza waseme kitu kama "baisikl" na sisi tuseme baiskeli, wananijibu kwamba babu zetu walishindwa kutamka. Jibu hilo linaniudhi, na kitabu nilicho nacho kinasema tu neno limetoka Kiingereza, basi. Niwaonyeshe nini ubaoni?

Kondoa_Asilia: Rahisi sana mwalimu. Kiswahili hakikubali konsonanti mbili zigusane, kila konsonanti lazima ifuatwe na irabu. Ndiyo maana mwisho tumeweka e na i, ikawa ke-li. Umemaliza.

FundiMajengo: Kama ni za wanafunzi, usinunue mpya. Njoo Majengo tukufungie iliyotumika, ila kagua rimu kama haijapinda, nati za ekseli, cheni na breki. Pedeli na tairi zinabadilishwa kirahisi. Pampu nunua kabisa, miiba ya huku unaijua.

MamaMpwapwa: Fundi, mwalimu hatafuti baiskeli, lakini umemsaidia kuliko unavyodhani, nitakurudia.

Mwalimu, anza na sikio. Kwa maandishi ya Kiingereza neno hilo lina c mbili, ya kwanza inatamkwa s na ya pili k. Sisi tuna s na k mahali pake, kwa hiyo waliolichukua walilisikia likisemwa, hawakulisoma. Halafu nenda mwisho wa neno. Kwa Kiingereza linafungwa na l, na Kiswahili hupenda neno liishie kwenye irabu. Irabu gani? Sasa waandikie orodha ya fundi. Rimu na pampu zimepata u, kwa sababu m na p hutamkwa kwa midomo, na u nayo ni ya midomo. Cheni, nati na breki zimepata i. L haitamkwi kwa midomo, ndiyo maana tuna -li. Waulize pia timu na klabu, kisha benki na boksi, watagundua wenyewe. Mtu aliyeshindwa kutamka hakosei kwa mpangilio namna hiyo.

Kondoa, kwa upande wa mwisho wa neno uko sawa. Lakini kama konsonanti hazigusani kabisa, hiyo s na k katikati ya baiskeli inafanya nini?

Kondoa_Asilia: Hapo umenikamata mama. Labda ni Kiingereza kimeharibu utaratibu wetu?

MamaMpwapwa: Hapana. Askari na maskini zilishaingia kutoka Kiarabu kabla ya baiskeli ya kwanza kufika huku, na hakuna anayezishangaa. Zaidi ya hapo, wapo wanaosema baisikeli mpaka leo, na i yake kamili. Ukiitamka hivyo, mkazo unakaa kwenye ke, silabi ya pili kutoka mwisho. Ile i ya si inabaki haina mkazo, imebanwa kati ya s na k, na ukisema haraka inapotea. Jambo hilo tunalifanya hata kwenye maneno yetu wenyewe. Mwalimu, wasikilize wanafunzi wakati wa mapumziko: sikia inakuwa skia, sikiliza inakuwa skiliza. Lakini hutamsikia mtu akisema "sku" badala ya siku, kwa sababu pale mkazo uko kwenye si yenyewe. Rasilimali na raslimali ni habari hiyohiyo.

MwalimuChamwino: Asante sana mama. Hilo la siku na sikia nalijaribu darasani kesho. Kwa hiyo kwanza tuliongeza irabu, halafu tukapunguza moja?

MamaMpwapwa: Mimi naona hivyo, ila mpangilio huo usiwape kama amri. Inawezekana wengine walisikia "baiskl" tangu mwanzo kwa Mwingereza anayesema haraka, wakaanzia hapo.

Kondoa_Asilia: Swali la mwisho. Kiarabu nacho kina neno linaloishia na mfuatano kama huo, aql, nasi tukasema akili. Asl ikawa asili. Kwa nini hatukusema baiskili?

MamaMpwapwa: Swali zuri hilo. Penseli na pedeli nazo zina e, kwa hiyo baiskeli haiko peke yake. Nadhani kwenye Kiingereza kuna kairabu hafifu kabla ya ile l nzito, na masikio yetu yaliisikia karibu na e. Kwenye aql hapakuwa na irabu ya kusikia, tukaweka i yetu. Ila hapo nakisia, anayejua zaidi aseme.

FundiMajengo: Mimi na wateja wangu tunasema hendeli. Hiyo nayo inaingia humo?

MamaMpwapwa: Inaingia, fundi. Mwalimu, iongeze kwenye orodha.