"Wengi walikubali": wengi wangapi?

Katibu wa kamati ya mfereji, Temeke:
Wakuu, nisaidieni kabla sijapeleka taarifa kwa mwenyekiti kesho asubuhi. Tulikuwa na mkutano wa mtaa wa kuchangia kuzibua mfereji. Nimeandika hivi: "Wananchi wengi walihudhuria na wengi walikubali kuchangia. Malalamiko yalikuwa lukuki." Mwenzangu anataka niyafute maneno hayo niweke namba. Mimi naona taarifa itakuwa kavu kama risiti. Karatasi ya mahudhurio ina majina 64, kaya za mtaa ni 412. Walionyoosha mikono kukubali ni 31, waliokataa 12, wengine walikaa kimya. Kosa langu liko wapi?

Mhariri mstaafu, Ilala:
Umesema "wengi" mara mbili kwenye sentensi moja, na si wengi wale wale. Wa kwanza umewapima kwa macho. Watu 64 chini ya mwembe ni wengi kweli, hasa kama mkutano uliopita walikuja 20. Lakini wapime kwa kaya 412: hata kama kila mmoja katoka nyumba yake, haifiki nyumba moja kwa kila sita. Msomaji hajui umesimama na kipimo gani mkononi.

Wa pili ndio wenye mgogoro. Sisi tumelelewa na "wengi wape", kwa hiyo mtu akisoma "wengi walikubali" anaelewa kwamba jambo limeshapita. Hao 31 ni wengi kuliko 12, sawa. Lakini nusu ya 64 ni 32. Umepungukiwa mkono mmoja kufika hata nusu! Ungeandika "walio wengi walikubali" ningesema umedanganya, maana "walio wengi" lazima wavuke nusu. Kwa "wengi" peke yake siwezi kukushitaki, na ndiyo maana wenye taarifa mbovu wanalipenda.

MC wa shughuli, Sinza:
Mzee unamkaba bure kijana wa watu. Hotuba ina chumvi yake. Nikishika maiki nikasema "karibuni ninyi 64" ukumbi mzima utanicheka. Nikisema "umati huu usiohesabika", vigelegele! Hakuna anayekwenda kuhesabu. Ila kwenye taarifa nakubaliana na huyo mwenzake: maneno yote yafutwe, zibaki namba. Au kama anataka utamu, aache "lukuki" aweke "utitiri wa malalamiko". Inasikika vizuri.

Mfugaji wa kuku, Chanika:
Afadhali mmeutaja utitiri. Mimi banda langu umeingia tangu mwezi uliopita, kuku wa mayai wamekonda, usiku ukigusa fito unatembea mkononi. Nimemwaga majivu, wapi. Mnatumia dawa gani?

Mwalimu wa Kiswahili, Kigamboni:
Ndugu mfugaji, hapa tunabishania maneno, lakini umetusaidia kuliko unavyodhani. Huo unaokutembea mkononi ndio watu wanaousikia, hata bila kuufikiria, wakiambiwa "utitiri wa kodi": vingi, vidogo, vinawasha, na unatamani vitoke. Hakuna anayejisifu kwa utitiri wa marafiki. Sasa katibu akiandika "utitiri wa malalamiko" atakuwa ameshawahukumu waliolalamika kuwa ni kero. Hayo malalamiko yenyewe ni mangapi?

Katibu wa kamati ya mfereji, Temeke:
Kwenye daftari yapo tisa. Manne yanahusu jirani mmoja tu anayetupa taka mferojini. Samahani, mferejini.

Mwalimu wa Kiswahili, Kigamboni:
Tisa, halafu ukaandika lukuki! Lukuki ni neno la mtu aliyekata tamaa ya kuhesabu. Andika "malalamiko kadhaa". Kadhaa kwa sikio langu ni zaidi ya mawili na chini ya kumi. Ona tunavyosema "watu thelathini na kadhaa": wakifika kumi, si tumeshaingia arobaini?

Mhariri mstaafu, Ilala:
Mwalimu, hapo kadhaa imebanwa na thelathini iliyotangulia. Ikisimama peke yake haina mpaka. Chumba cha habari nilikofanya kazi tuliandika "watu kadhaa wajeruhiwa" siku ambazo hatukuwa na idadi, na kesho yake wakawa 3 au 17, neno halikututia aibu. Kwa kuwa daftari linasema tisa, kadhaa ni kumficha tisa tu.

Na wewe MC, hilo lako la "usiohesabika" lina jambo. Tofautisha kati ya wasiohesabika na wasiohesabiwa. Asiyehesabika hawezekani kuhesabiwa, hata ukijitahidi. Asiyehesabiwa, ni wewe hukumhesabu. Herufi moja tu, lakini lawama inahama kutoka kwa umati kwenda kwa mwenye kalamu. Mkoa wetu wa Dar es Salaam Sensa ya 2022 ilitoa watu 5,383,728, mpaka huyo wa nane wa mwisho kaandikwa. Umati wa ukumbini Sinza usihesabike una nini? Kwenye shughuli sherehesha utakavyo. Lakini nimeshasoma taarifa ya mradi inayosema "wanufaika wasiohesabika", nikajua tu hakuna aliyekwenda na daftari.

MC wa shughuli, Sinza:
Si ndiyo ninavyosema? Namba tupu, basi.

Mhariri mstaafu, Ilala:
Hapana. "Watu 31 walikubali" nayo ni namba tupu, na inadanganya vilevile. Wakiwa 31 kati ya 35 una mtaa wenye nia moja. Wakiwa 31 kati ya 64 bado una kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba.

Kondakta wa daladala, Mbagala:
Mimi sijasoma sana, ila kwetu hii kesi iliisha zamani. Jioni ukimwambia tajiri "leo abiria walikuwa tele", umejichongea. Atakwambia kama walikuwa tele, hesabu imepungua kwa nini? Ukisema "walikuwepo wengi" utajitetea kidogo, maana wengi wanaweza wasitoshe. Tele maana yake wametosha na wakabaki kituoni.

Mwalimu wa Kiswahili, Kigamboni:
Kondakta, nimekuelewa kuliko kamusi. Ndiyo maana nikisikia kwenye hotuba kwamba maji yapo tele, huwa nauliza mbona ndoo zimepangwa foleni. Maji mengi yanaweza kuwa mengi na bado yasifike kwetu.

Katibu wa kamati ya mfereji, Temeke:
Haya, someni hii: "Walihudhuria wananchi 64 katika mtaa wenye kaya 412, wengi kuliko mkutano uliopita. Waliokubali kuchangia ni 31, waliokataa 12, na 21 hawakunyoosha mkono. Yaliandikwa malalamiko tisa, manne yakihusu taka za sehemu moja." Neno "wengi" nimelibakiza pale, nimelipa kipimo chake. Ila nimemsomea mwenyekiti kwa simu, anasema hao 21 niwaandike "hawakupinga", ili tuseme watu 52 wako nasi.

Mhariri mstaafu, Ilala:
Hawakupinga na hawakukubali. Usimgawie mtu kura aliyoiweka mfukoni.

MC wa shughuli, Sinza:
Mzee, kwetu aliyenyamaza ameridhia. Hata mwari akiulizwa kuhusu posa akanyamaza, wazee wanachukua jibu.

Mwalimu wa Kiswahili, Kigamboni:
Mwari hadaiwi mchango wa mfereji. Katibu, subiri kwanza, uwaulize hao 21. Majina si unayo?

Katibu wa kamati ya mfereji, Temeke:
Majina ninayo yote 64. Nani alinyamaza, hilo sikuandika.

Mfugaji wa kuku, Chanika:
Na dawa ya utitiri?