Grafu moja kutoka PDF: skrinishoti, Inkscape au pdftocairo?

Okot_Gulu: Wakuu, nataka grafu moja tu kutoka PDF niiweke kwenye ripoti ya mradi. Skrinishoti inatoka na ukungu. Ijumaa ripoti inakwenda kuchapwa Nasser Road. Nitumie nini?

MamaTakwimu: Hujasema grafu ni mistari au ni picha iliyoskaniwa, wala itakuwa na upana gani kwenye ripoti. Kuza hadi 800%. Maandishi yakibaki makali, ni mistari. Ukiona vijisanduku, ni picha.

Kijana_wa_Jinja: Skrinishoti si mbaya! Kuza hadi 400% ndipo upige. Mimi hufanya hivyo siku zote.

MamaTakwimu: Inafaa kama grafu nzima bado inaenea kwenye kioo. Isipoenea, utaunganisha vipande?

Okot_Gulu: Maandishi yamebaki makali. Ukurasa wa 14, upana sentimita 8. Nataka iwe 16.

MamaTakwimu: Basi pikseli 300 kwa inchi hazitoshi. Sentimita 8 kwa 300 ni pikseli kama 945. Ukizitandaza kwenye 16 unabaki na 150 kwa inchi. Toa kwa 600, kwa amri hii ya pdftocairo inayogeuza ukurasa wa PDF kuwa picha:

```
pdftocairo -png -r 600 -f 14 -l 14 -singlefile ripoti.pdf grafu
```

Ukurasa wote utatoka. Kata grafu kwa programu yoyote ya picha, usibadili ukubwa. Hifadhi PNG, maana JPEG huacha madoa kando ya herufi.

Fundi_Mbarara: Kwa nini pikseli kabisa? Fungua ukurasa huo kwa Inkscape, futa yasiyohitajika, hifadhi SVG, ingiza kwenye Word. Haina ukungu hata ukiikuza iwe bango.

MamaTakwimu: Word ya zamani haiijui SVG. Na fonti zikikosekana, herufi za Inkscape hubadilika.

Nakato: Je, naweza kupata jedwali la PDF kwenye Excel?

Fundi_Mbarara: Dada, hilo lianzishie mada yake.

Mzee_Kato: Sikieni langu. Mwaka jana nilitoa ramani safi kabisa, nikaibandika Word, nikahifadhi, kioo kikaonyesha vizuri. Nakala zilipotoka dukani, majina ya wilaya hayasomeki. Nikagombana na mchapaji, kumbe Word ilikuwa imebana picha nilipohifadhi. Siku hizi, kabla ya kuingiza picha, naenda File > Options > Advanced, naweka alama kwenye “Do not compress images in file”. Na faili simtumii mtu kama picha ya WhatsApp, namtumia kama hati.

Kijana_wa_Jinja: Yangu ni ya kuskaniwa. Nikiweka -r 1200 itakuwa kali?

MamaTakwimu: Hapana, utapata faili nzito tu. Toa picha yenyewe kama ilivyo ndani:

```
pdfimages -all -f 14 -l 14 ripoti.pdf picha
```

Mzee_Kato: Okot, chanzo cha grafu umekitaja? Wafadhili huuliza.

Okot_Gulu: Nitakiandika chini yake. Ila kompyuta ya ofisi hainiruhusu kusakinisha kitu.

Fundi_Mbarara: Word ni ya mwaka gani?