Naomba ushauri: wawezeshaji wanne, miji minne, semina moja Dodoma

Habari zenu wakuu. Naratibu semina ya siku tatu Dodoma, Jumatatu hadi Jumatano. Wawezeshaji wanatoka Mwanza, Mbeya, Arusha na Dar. Wa Dar hanisumbui, treni ya SGR inamfikisha Jumapili jioni. Shida ni hao watatu wa basi: wanakula barabara kutwa nzima, wanashuka usiku wamechoka, na wa Mwanza ndiye anayefungua mada saa mbili asubuhi. Nafikiria aje Jumamosi, ila bajeti ina usiku tatu tu kwa kila mtu, kuanzia Jumapili.

Kutoka nako kuna utata. Jumatano tunafunga saa kumi jioni, wakati hoteli inataka chumba saa nne asubuhi. Mwaka jana mabegi yalirundikana nyuma ya projekta! Na mmoja aliandikiwa kufika 12:00, akaelewa saa kumi na mbili jioni. Dereva alikuwa stendi tangu saa sita mchana.

Mliowahi kuratibu: niombe usiku wa nne kwa wa mbali, au nihamishie mada ya kwanza kwa wa Dar? Na chumba kimoja cha mabegi hoteli huwa wanakubali bure?